Kutoka "bababa" hadi "aliyenipiga": mtoto wa Visiwani anavyokijenga kitenzi

Vijitabu vya makuzi ya mtoto vinafanana sana. Miezi sita mtoto anabwabwaja, mwaka mmoja anatoa neno la kwanza, mwaka na nusu ana maneno kama hamsini, miaka miwili anaunganisha maneno mawili, miaka mitatu anasema sentensi. Ngazi hizo si za uongo, ila nyingi zilipimwa kwa watoto wanaokua na Kiingereza na lugha nyengine za Ulaya, ambako sentensi inarefuka kwa kuongezwa neno baada ya neno. Kiswahili hakirefuki hivyo. Mtoto wa Unguja au Pemba anayekuja ndani analia na kusema "Kanipiga!" ametoa neno moja, lakini ndani yake yumo aliyepiga, yumo aliyepigwa, kimo kitendo, na tumeambiwa kuwa kitendo kimeshatokea. Anayehesabu maneno ataandika: moja.

Kwa hiyo nitalifuata neno hilo moja, tangu mtoto hajaweza hata kulitamka mpaka anapoweza kulipindua apendavyo. Mifano mingi nimeichukua kwa mtoto wa dada yangu aliyelelewa Wete, Pemba, ambaye maneno yake nilikuwa nikiyaandika kila nilipokwenda kwao. Umri nitakaoutaja ni wa kukadiria, kwa yeye na kwa watoto wengine. Watoto wawili wazima kabisa wanaweza kupishana miezi sita katika ngazi moja.

Mtoto haanzi na midomo, anaanza na masikio. Miezi ya mwisho tumboni anasikia mwendo wa sauti ya mama yake, na akishazaliwa anaitambua na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwengine. Jaribio lililodhihirisha hilo lilifanywa mwaka 1980 kwa kuwapa watoto wa siku chache chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti: waliinyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama. Mdomo unachelewa kwa sababu za kimaumbile. Ulimi wa mtoto mchanga unajaza karibu kinywa kizima, na koo lake limekaa juu, kwa hiyo hata angejua la kusema asingeweza kulisema. Kwenye miezi miwili au mitatu zinatoka zile sauti za "aguu" ambazo bibi hawezi kuzisikia bila ya kuzijibu.

Kati ya miezi sita na kumi linatokea jambo jengine kabisa. Mtoto anaanza kufunga na kufungua mdomo kwa mpigo mmoja huku sauti inatoka: bababa, mamama, dadada. Wataalamu wanaipa hatua hii uzito zaidi kuliko vilio na vicheko vyote vilivyotangulia, kwa sababu hapa ndipo silabi ya kweli inapozaliwa, konsonanti na irabu zikiwa zimeshikana na kwenda kwa kasi ya usemi wa mtu mzima. Na hapa mtoto wa Kiswahili ana bahati. Lugha yake imejaa silabi za namna hiyohiyo, konsonanti moja na irabu moja, na neno lake linamalizikia kwenye irabu. Anachokitoa kwa mchezo wa taya kinaingia moja kwa moja katika baba, mama, dada, kaka, bibi. Wazee wanashangiria kuwa mtoto "kamwita baba". Mara nyingi bado hajamwita mtu. Kujua ni rahisi: tazama kama anamwambia mtu yuleyule kila mara, au anamwambia pia paka, ukuta na kijiko.

Kubwabwaja huko kuna kazi ya pili ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni kupima masikio. Mtoto asiyesikia naye anatoa sauti miezi ya mwanzo, analia, anacheka, anaguna, na ndiyo maana uziwi unajificha. Lakini mfululizo wa silabi kama bababa kwake huchelewa, mara nyingi hadi baada ya miezi kumi na moja, au unakuja dhaifu. Mtoto aliyefika miezi kumi bila ya kuutoa ana haki ya kupimwa masikio, hata kama anageuka mlango unapobamizwa, kwani mbamizo wa mlango ni mtikisiko pia, na mtikisiko husikika kwa mwili. Watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama wanabwabwaja pia, ila kwa mikono. Utafiti wa Laura Petitto na Paula Marentette wa mwaka 1991 ulionyesha vidole vyao vikirudiarudia vipande vya alama visivyo na maana, katika umri uleule ambao wenzao wanasema bababa.

Wakati mdomo unafanya mazoezi, sikio linachagua. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kuwa watoto wa miezi sita hadi minane waliozaliwa kwenye Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia tofauti yake. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Huku kwetu mfano mzuri ni kaa la moto na kaa wa pwani. Wazee wengi wa Visiwani hawayatamki sawa: k ya kaa wa pwani inatoka na pumzi, ya kaa la moto haina. Mtoto anayelelewa na bibi kama huyo anaishika tofauti hiyo kabla hajaweza kutamka k yoyote. Anayelelewa nyumba ambayo tofauti imeshapotea, sikio lake linaacha kuitafuta.

Neno la kwanza la kweli linakuja karibu na mwaka mmoja. Kuelewa kumetangulia kwa miezi kadhaa, kwani tafiti zimewakuta watoto wa miezi sita hadi tisa wakitupia macho chakula au kiungo cha mwili kinachotajwa. Ninalotaka kulikalia hapa ni umbo la maneno hayo ya mwanzo. Chakula kinakuwa "kula". Samaki anakuwa "maki". Kitabu kinakuwa "tabu", na bibi anacheka kuwa mtoto analalamikia maisha. Mtoto anakata upande mmoja tu, nao ni mwanzo wa neno. Sababu ni shadda. Kiswahili kinaikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sehemu ya neno iliyo na nguvu na inayovutwa kidogo ni ile jozi ya mwisho: *KU-la*, *MA-ki*, *TA-bu*. Mtoto anashika pale panaposikika zaidi na panapobaki sikioni baada ya msemaji kunyamaza.

Sasa angalia maana yake kwa kitenzi. Katika "kanipiga", jozi ya mwisho ni "piga". Kila kinachotuambia nani kampiga nani na lini kimepangwa mwanzoni, katika silabi zisizo na shadda, na watu wazima wanazimeza. Mzanzibari akizungumza kwa kasi, "nimeshakula" inakuwa "n'shakula" na "ninakwenda" inakuwa "n'nakwenda", na ile "ni" inabaki mguno wa pua. Mtoto anatakiwa azichimbue sehemu ambazo ni ngumu zaidi kuzisikia, nazo ndizo zilizobeba sarufi.

Njia yake ya kwanza ni kutochimbua chochote. Anachukua vipande vizima kama vilivyo. "Nipe", "sijui", "sitaki", "haya", "basi" vinaingia mapema, na mzazi anadhani mtoto ameshajua kuwa "ni" ni mimi na "si" ni kukanusha. Hajajua. Mtoto wetu wa Wete, alipokuwa na kama mwaka na nusu, alikuwa akinyoosha mkono kukupa biskuti yake huku anasema "nipe". Kwake lile lilikuwa neno la kitu kutoka mkono huu kwenda ule, bila ya kujali upande. Vilevile alikuwa akiinua mikono abebwe na kusema "kubebe", kwa sababu kila siku alisikia "n'kubebe?" Aliyesikia kwa pupa angesema mtoto anachanganya mimi na wewe. Alikuwa hachanganyi, kwani bado hakuwa na hizo mimi na wewe ndani ya kitenzi. Alikuwa na mkia wa sentensi ya mama yake.

Watoto wa hapa wana mfano mwengine wa jambo hili. Mtoto wa miaka mitatu anayekwenda chuo cha Kurani anaweza kusoma Al-Fatiha mwanzo hadi mwisho kwa matamshi ya kukufurahisha, na hajui hata neno moja la Kiarabu la kuombea maji. Kuhifadhi kipande kizima ni uwezo mkubwa, lakini ni uwezo wa peke yake. Lugha inaanza pale kipande kinapovunjwa na vipisi vyake vikatumika mahali pengine.

Kuvunja huko kunaanza karibu na miaka miwili, na hapa tuna uchunguzi wa kuegemea. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi, wa umri wa kuelekea miaka miwili hadi kama mitatu, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Watoto wale walikuwa wakiacha kiambishi cha mtendaji, au cha wakati, au vyote viwili. Anayetaka kusema "amelala" alisema mara "melala", mara "lala", na siku hiyohiyo alisema "amelala" kamili. Yaani mtoto hakuwa hajui; alikuwa anaacha mara nyengine. Muhimu zaidi ni yale ambayo hawakuyafanya. Hawakuacha irabu ya mwisho ya kitenzi. Ni nadra waliweka kiambishi kisichokuwa chake, mathalani kusema "u" pahala pa "a". Na kiambishi cha mtendewa, ile "ni" ya katikati katika "amenipiga" au "m" katika "amempiga", walikiweka panapohitajika, tangu udogo wao.

Hili la mwisho linastaajabisha. Mtu angetarajia kisicho na shadda na kilichobanwa katikati kipotee kwanza. Sababu moja inayowezekana ni ujirani: kiambishi cha mtendewa kinagusa mzizi moja kwa moja, hakuna kitu baina yao, na mtoto anayenyoosha mkono kurudi nyuma kutoka "piga" anakikuta kabla ya vyengine. Mimi naamini sababu hiyo inachangia, ingawa haielezi kila kitu.

Matokeo ya Nairobi hayahamishiki yote kuletwa Visiwani, na kosa hilo linafanywa sana. Kwanza, Kiswahili cha mazungumzo cha Nairobi kinawaruhusu hata watu wazima kuacha kiambishi cha mtendaji, kwa hiyo mtoto wa kule anayesema "metoka" huenda anaiga tu. Pili, umbo lenyewe la huku ni jengine. Mtu wa Unguja au Pemba mara nyingi hasemi "amenipiga", anasema "kanipiga". Hiyo "ka" imebeba mtendaji na wakati kwa pamoja, katika silabi moja. Mtoto wa Wete hawezi kuacha kimoja akabakisha chengine kama mwenzake wa Nairobi. Ama ataitia "ka" nzima au ataiacha nzima. Ndivyo nilivyomsikia: kwanza "piga", pamoja na kidole kilichoelekezwa kwa kaka yake. Miezi michache baadae, "nipiga". Halafu, alipokuwa na miaka miwili na kitu, "kanipiga". Alikwenda ngazi tatu, kila ngazi mpya ikiongeza silabi moja, kutoka mwisho kuja mwanzo. Katika kipindi chote hicho anayehesabu maneno ya sentensi zake angesema hajaendelea hata hatua moja.

Kukanusha kulimpitisha njia isiyokuwa hiyo. "Sitaki" aliitumia mapema kama kipande kizima, kisha ikaja miezi ambayo alisema "taki!" kwa sauti ya juu, hasa chakula kinapokuja. Kwa juu juu anaonekana amerudi nyuma, amelipoteza "si". Lakini tazama irabu ya mwisho. Hakusema "taka". Kitenzi cha Kiswahili katika wakati uliopo kinakanushwa pande mbili, "si" mwanzoni na "i" mwishoni, na yeye alikuwa ameshaushika ule upande wa mwisho, ulio karibu na shadda. "Taka" kwake ilikuwa ndiyo, "taki" ilikuwa hapana. Kipande cha zamani kilikuwa kimevunjika, na alikuwa akijenga upya kwa vipisi vyake mwenyewe. Mzazi anayeandika maendeleo ya mwanawe asiogope kurudi nyuma kwa namna hii. La kuogopa ni mtoto kupoteza maneno aliyokuwa nayo bila ya kuweka kitu mahali pake, na kuacha kujali anaposemeshwa. Hilo, kwa umri wowote, ni la kupelekwa kwa daktari wiki hiyohiyo.

Baada ya miaka miwili na nusu makosa yanabadilika sura, na hapa mtoto anaanza kukosea kwa kuwa anajua mno. Mtoto wetu alikuwa akisema "sikunywi" na "sikuli". Watu wazima nyumbani kwao wanasema "sinywi" na "sili", kwa hiyo hakufunzwa na mtu. Alizitunga, na hesabu yake ilikuwa sahihi: "nakunywa", "n'takunywa", "kashakunywa", kote muna "ku", basi na kwenye kukanusha iwemo. Hakuna aliyemwambia kuwa vitenzi hivi vifupi vinaibeba "ku" pale tu ambapo bila yake shadda ingekosa pa kukaa, na vinaitupa pengine. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha ya kiumbe wa kubuni mwenye jina la kubuni, akawauliza wakiwa wawili wataitwaje, nao wakatia alama ya wingi kwenye jina ambalo hawajapata kulisikia. "Sikunywi" ni jaribio lilelile ambalo mtoto anajifanyia mwenyewe mezani. Kumsahihisha hapo hakusaidii sana. Mama yake alijaribu: "Sema sinywi." Akajibu: "Haya, sikunywi." Liliondoka lenyewe baada ya muda, kwa kusikia umbo la watu wazima mara nyingi vya kutosha.

Katika umri huohuo wazazi wengi wanashtuka kwa sababu nyengine: mtoto aliyekuwa akisema vizuri anaanza kugugumia. "Mi-mi-mi-mimi n'na- n'nataka..." Kati ya miaka miwili na nusu na minne, wakati sentensi inapotanuka ghafla, wengi hupita katika kigugumizi hiki, na wengi wao hutoka bila ya tiba. Dalili ya kuwa si cha kupita ni mtoto kukaza uso au shingo, sauti kukwama kabisa, kuanza kukwepa kusema, au hali kuendelea miezi mingi hasa ikiwa nyumbani muna mtu mzima mwenye kigugumizi. Kitembe, ile "s" inayotoka ulimini, na "thelathini" inayokuwa "selasini", ni mambo mengine kabisa na hayana haraka. Sauti kama th, dh na gh zinakuja mwisho kwa watoto wengi.

Lipi basi ni la kushughulikia? Mtoto wa miezi kumi na minane asiye na neno hata moja la makusudi, na mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha chochote kwa hiari yake, bila ya kuigiza. Kwa Kiswahili nashauri kipimo hicho cha pili kisomwe kwa akili: kuunganisha si lazima kuwe maneno mawili. "Nipiga" kwa mtoto ambaye pia anasema "piga" na "nibebe" ni muunganisho. Kwenye vibaraza huambiwa kuwa wanaume huchelewa, au ulimi umefungwa kwa chini ukatwe. Wavulana huchelewa kweli, lakini kwa wastani mdogo tu, wa wiki au miezi michache, na hautoshi kueleza mwaka mzima wa ukimya. Ulimi uliofungwa unaweza kuharibu kunyonya na pengine matamshi ya sauti chache, ila haumzuii mtoto kuwa na maneno. Cha kuangaliwa kwanza ni masikio, ikiwemo majimaji yanayobaki nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, ambayo hayaumi wala hayatoki nje.

Cha pili ni damu, na ushahidi wake umetoka hapahapa. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Rebecca Stoltzfus ilichapisha utafiti uliofanywa Pemba, ambapo malaria na minyoo vilikuwa vimeenea na upungufu wa damu ulikuwa wa kawaida. Watoto walio chini ya miaka mitano walipewa miligramu 10 za madini ya chuma kila siku kwa miezi 12, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu, na lugha ikapimwa kwa kuwauliza wazazi kwa orodha yenye alama 20. Waliopewa chuma walipanda kwa wastani wa alama 0.8 zaidi ya wenzao. Si nyingi, na haimaanishi kuwa mtoto asiyesema anywe chuma na atasema. Huenda sababu ni kuwa mtoto aliyepungukiwa damu amechoka, na mtoto aliyechoka hachimbui silabi zilizomezwa. Vidonge visitolewe kienyeji, kwani sehemu yenye malaria nyingi chuma kinataka kusimamiwa na watu wa afya.

Turudi kwa aliyepigwa. Karibu na miaka mitatu mtoto wetu aligundua kuwa anaweza kumficha mpigaji au kumleta mwishoni: "N'mepigwa." Na nani? "Na kaka." Kwa Kiingereza umbo la kutendwa linajulikana kwa uchelewaji, vipimo vingi vikiwaonyesha watoto wakihangaika nalo hadi miaka minne au mitano. Katherine Demuth alipowachunguza watoto wa Lesotho alikuta wanalitumia kabla ya kutimiza miaka mitatu, naye akaeleza kuwa Kisotho kinawalazimisha, kwa vile hakiruhusu kuuliza "nani" katika nafasi ya mtendaji: huwezi kusema "nani kakupiga?", inabidi uulize "umepigwa na nani?" Kiswahili kinaruhusu yote mawili, kwa hiyo shinikizo ni dogo zaidi. Lakini sisi tuna lile ambalo Kiingereza hakina, alama moja ya "w" inayokaa jirani na irabu ya mwisho, pale pale mtoto anapoangalia tangu ana mwaka mmoja. Mjadala kuhusu nini hasa watoto wadogo wanakielewa katika umbo hili haujafungwa.

Sentensi changamano za mwanzo zinakuja kimyakimya, katika miaka miwili na nusu hivi, nazo ni za matakwa: "n'nataka unipe", "mwambie aje". Kitenzi kimoja kimeingia chini ya chengine, na irabu ya mwisho imegeuka kuwa "e". Kwa mara nyengine tena kazi inafanyika mwishoni. Baadae zinafuata sababu, "kwa sababu kanipiga", mara nyingi kama jibu la "kwa nini?" la mtu mwengine kabla hazijaunganishwa na mtoto mwenyewe.

Virejeshi ndivyo vinavyochukua muda, na ukikitenganisha kitenzi utaona kwa nini. Kusema "aliyenipiga" mtoto lazima aiache "ka" yake aliyoizoea, aseme "a-li", kisha atie "ye" kabla ya "ni". Hiyo "ye" haitulii: ni "ye" kwa mtu, ni "lo" kwa jiwe lililonipiga, ni "cho" kwa kijiti kilichonipiga, ni "po" kwa wakati aliponipiga. Kwa neno moja anatakiwa ajue ngeli, wakati, mtendewa na mpangilio, na vyote viko upande ule dhaifu wa neno, mbali na shadda. Mtoto wetu alipokuwa na miaka mitatu na nusu alikuwa akikwepa kwa ustadi: "yule kanipiga, yule, yule wa mpira." Alipokaribia minne akasema "aliyenipiga". Kwa vitu, "ye" hiyohiyo ilitumika kwa kila kitu kwa muda, na "kiatu aliyeanguka" ilisikika nyumba ile miezi mingi.

Kilichobaki baada ya hapo ni kazi ya miaka ya skuli, nacho kinaonekana wazi mtoto anaposimulia. Ana ile "ka" ya "kanipiga", inayosema jambo limeshatokea. Sasa anakutana na "aka" ya hadithi, inayosema jambo limefuata jengine: akaja, akampiga, akalia, akaenda kwao. Mtoto wa miaka minne anaipenda mno, na anaweza kutiririka dakika nzima bila ya kutaja jina la mtu. Kila "a" kwake ina mtu wake, na anaamini wewe unamwona. Kumwekea msikilizaji alama za nani ni nani, kurudia jina pale mtendaji anapobadilika, kusema "yule mdogo" na "yule mwenye baskeli", huja pole pole hadi kwenye miaka saba au minane, na wapo watu wazima ambao hawajafika. Siku moja mtoto wetu alimaliza kisa kirefu cha uwanjani, kimejaa "aka" tupu, na mama yake akamuuliza nani kampiga nani. Akamtazama kwa mshangao: "Si yeye!"